Kadi ya Chanjo ya Mbwa Ndani ya Simu

Ukiingia Play Store ukaandika "pet care", utaletewa orodha ndefu ya programu zenye picha za mbwa waliochanwa manyoya na paka waliolala juu ya makochi. Zote zinaahidi karibu mambo yaleyale: kukutunzia tarehe za chanjo, kukukumbusha dawa ya minyoo, kuandika mnyama amekula nini na lini ameonwa na daktari. Nyingi zimetengenezwa kwa mtu anayeishi mtaa mmoja na kliniki. PetDesk, kwa mfano, imejengwa juu ya mawasiliano kati ya mteja na kliniki za Marekani na Kanada. Ukiwa Mohoro, kitufe chake cha kuomba miadi hakina pa kwenda. Nyingine, kama 11pets, ni daftari tu: unaandika mwenyewe, inakukumbusha. Aina hii ya pili ndiyo inayomfaa mtu wa Rufiji na Kibiti, na ndiyo ninayoizungumzia hapa.

Ninayezungumza naye ni mwenye mbwa wa shamba, yule anayefukuza nguruwe na ngedere usiku na hana ruhusa ya kuvuka kizingiti cha nyumba, na mwenye paka anayelinda mpunga usiliwe na panya. Mnyama wa namna hii hahitaji programu ya kuhesabu hatua alizotembea wala ya kumtafutia mchumba. Anahitaji mtu ajue, bila kubahatisha, ni lini alichanjwa kichaa cha mbwa mara ya mwisho, kwa chanjo ipi, na lini inarudiwa. Mengine yote utakayoandika kwenye simu yakae nyuma ya hilo.

Nasema hivi kwa sababu ukanda huu una historia na jambo hili. Kusini mwa Tanzania, Rufiji ikiwamo, ilikuwa sehemu ya mradi wa Shirika la Afya Duniani wa kuonyesha kuwa kichaa cha mbwa kinaweza kutokomezwa kwa kuchanja mbwa. Mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walianza kuwapa wahudumu wa afya na maofisa mifugo wa ukanda huo programu ya kuripoti kwa simu kila mtu aliyeumwa na mbwa na kila kampeni ya chanjo. Hazikuwa simu janja. Zilikuwa simu za bei nafuu za vitufe, zenye fomu fupi iliyotumwa kwa data kidogo sana. Kilichoifanya ikubalike ni ufupi wake: mhudumu wa zahanati mwenye foleni mlangoni aliweza kuijaza akamaliza. Kipimo hicho nakipendekeza kwako unapochagua programu yako. Ikiwa kuandika chanjo moja kunakudai kurasa tano, akaunti, picha ya wasifu na namba ya kadi ya benki, ifute.

Kabla hujaanza kuitumia, ifanyie jaribio dogo. Zima data, halafu ingiza mnyama mmoja na tukio moja la chanjo. Ifunge programu, izime na simu kabisa, kisha iwashe na uangalie kama ulichoandika kipo. Programu isiyohifadhi kitu bila mtandao haitakufaa ukiwa ng'ambo ya mto, wala ukiwa kwenye visiwa vya delta ambako unapanda juu ya mti kutafuta mnara. Halafu tafuta mahali pa kutoa kumbukumbu zako nje ya programu, kwa kawaida kama faili la PDF. Programu inayokubali kupokea lakini haikubali kutoa, siku itakapofungwa na wenyewe itaondoka na kumbukumbu zako zote.

Sasa tuchukue mbwa mmoja tumwandike. Tumwite Bosi. Amezaliwa tarehe 10 Juni 2025 na umepewa na jirani akiwa na wiki nane, yaani tarehe 5 Agosti. Jambo la kwanza programu itakalokuuliza ni tarehe ya kuzaliwa, na hapo ndipo wengi wanapotelea bila kujua. Sisi tunaanza na siku, kisha mwezi. Marekani wanaanza na mwezi. Ukiandika 10/6/2025 kwenye programu ya Kimarekani, yenyewe inasoma tarehe 6 Oktoba, na itakuambia mbwa uliyemshika mkononi bado hajazaliwa. Hilo ni kosa zuri kwa sababu linajionyesha. Baya ni lile lisilojionyesha: umempa dawa ya minyoo tarehe 2 Septemba, simu inaonyesha 09/02/2025, na wewe miezi miwili baadaye unasoma kwamba ni tarehe 9 Februari. Njia rahisi ya kujua ni kuangalia umri ambao programu inaandika pembeni ya jina. Ukiona "8 weeks" siku ile unayomwandika, uko salama. Ukiona kingine, tafuta mipangilio ya tarehe ubadilishe, na kama haibadiliki, andika mwezi kwa jina lake kwenye sehemu ya maelezo.

Cha pili ni orodha ya chanjo. Programu nyingi zinakuja na orodha yao tayari, na utakuta humo chanjo ya ugonjwa wa Lyme na kinga za magonjwa mengine yanayowasumbua mbwa wa Ulaya na Amerika. Ukiziacha, kila wiki simu itakupigia kelele kuwa mbwa wako amechelewa kupata chanjo ambayo hakuna anayekuuliza habari zake, na baada ya mwezi utakuwa umezoea kuzipuuza kelele zote, pamoja na ile ya kweli. Futa kila usichokihitaji. Bakiza kichaa cha mbwa. Bakiza pia ile chanjo ya pamoja inayokinga homa ya mbwa na ugonjwa wa kuharisha damu wa parvo, kama una uwezo wa kuipata kupitia daktari wa mifugo. Hiyo huanza mtoto akiwa na wiki sita hadi nane, ikarudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka afikishe wiki 16. Kwa Bosi, ukipata daktari, unaweza kupanga tarehe 5 Agosti, 2 Septemba na 30 Septemba. Paka naye ana chanjo yake ya pamoja inayofuata mpango unaofanana, na chanjo ya kichaa inamhusu sawasawa na mbwa. Wenye paka wengi hawalijui hili kwa sababu ugonjwa wenyewe umepewa jina la mbwa.

Chanjo ya kichaa kwa kawaida huanza mtoto akiwa na miezi mitatu. Bosi anafikisha tarehe 10 Septemba. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na kampeni nyingi za chanjo hufanywa kuizunguka, kwa hiyo tuseme ulimpeleka siku hiyo. Ofisa mifugo amekaa chini ya mwembe na kisanduku chake cha barafu. Anavuta mililita moja kutoka kwenye chupa, anainua ngozi ya shingoni, anachoma, anaandika kadi, na aliye nyuma yako anakusukuma. Usiondoke. Mwombe akuonyeshe ile chupa kwa sekunde chache uipige picha. Kwenye lebo yake kuna jina la chanjo, namba iliyoandikwa baada ya neno LOT, na tarehe ya mwisho wa matumizi baada ya neno EXP. Kliniki ya mjini inayotumia chupa ya mbwa mmoja hubandua stika ya chupa ikaibandika kwenye kadi. Kwenye kampeni chupa moja inahudumia mbwa kadhaa, stika haitoshi kila mtu, na mara nyingi nafasi ya namba kwenye kadi hubaki tupu. Namba hiyo ndiyo inayosema ni chanjo gani hasa iliingia mwilini mwa mbwa wako. Bila hiyo, kadi yako inasema tu kwamba kuna siku mbwa alichomwa sindano.

Kwenye programu, basi, andika aina ya chanjo, tarehe 28 Septemba 2025, namba ya LOT, jina la aliyechanja na kata yake, kisha ambatisha picha mbili: ya chupa na ya kadi. Sasa angalia programu imejipangia lini kurudia. Baadhi zitaandika miaka mitatu, kwa kuwa huko zilikotoka kuna chanjo zilizoidhinishwa kwa muda huo. Kwetu chanjo ya kichaa hurudiwa kila mwaka. Badilisha kwa mkono, iwe 28 Septemba 2026. Kama kampeni ilipita mtoto akiwa hajafikisha miezi mitatu na akachanjwa hivyohivyo, ni vyema, wataalamu wanaelekeza asiachwe. Ila weka kikumbusho kingine umuulize ofisa mifugo kuhusu kumrudia akishavuka umri huo, badala ya kusubiri mwaka mzima.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo hakuna programu itakayolijua. Msimu wa mpunga familia inahamia bondeni, inakaa kwenye dungu kulinda shamba, na mbwa anahamia nayo. Ikiwa tarehe ya kurudia chanjo ya mbwa wako inaangukia Machi au Aprili, simu itakukumbusha ukiwa juu ya dungu, maji chini, chaji imebaki asilimia kumi, na ofisa mifugo yuko upande mwingine wa mafuriko. Isogeze tarehe hiyo. Kumchanja mapema kidogo hakumdhuru mbwa. Kumchelewesha ndiko kunakoacha pengo. Ukimchanja mara moja nje ya mzunguko, tarehe yake ikahamia Septemba wakati watu wamesharudi majumbani na barabara zimekauka, miaka yote inayofuata itakaa hapo.

Kikumbusho chenyewe kinaweza kukuangusha kwa sababu nyingine kabisa. Simu nyingi tunazotumia, za Tecno, Infinix na itel, zimewekewa utaratibu mkali wa kutunza betri. Programu usiyoifungua kwa siku nyingi inalazwa, na ikishalazwa haiwezi kukukumbusha kitu. Programu ya mbwa ni kitu unachofungua mara moja kwa mwezi, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kulazwa. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta programu hiyo kwenye orodha, fungua sehemu ya betri na uchague "Unrestricted". Hapohapo hakikisha imeruhusiwa kutuma taarifa, na kama kuna sehemu inayoitwa "Alarms & reminders", iwashe. Kisha ijaribu: weka kikumbusho cha uongo cha kesho asubuhi, usiifungue programu, uone kama kitakuja. Kisipokuja kesho, usitegemee kitakuja mwakani.

Hata kikija, mimi singekitegemea peke yake. Tarehe ya chanjo ya kichaa iweke pia kwenye Google Calendar, ijirudie kila mwaka, na ikukumbushe wiki mbili kabla ili upate muda wa kumpigia ofisa mifugo kuuliza kama chanjo ipo. Kama nyumbani kuna kitochi, iweke na humo, maana vitochi vingi vina kalenda na kengele, na chaji yake inakaa siku nyingi kuliko simu janja yoyote. Ni tarehe moja tu kwa mwaka. Inastahili kuandikwa mahali patatu.

Dawa ya minyoo ina hesabu tofauti. Watoto wa mbwa hupewa kuanzia wiki mbili baada ya kuzaliwa, kila baada ya wiki mbili mpaka wafikishe wiki 12, kisha kila mwezi mpaka miezi sita, halafu kila baada ya miezi mitatu. Bosi amekuja kwako na wiki nane. Muulize jirani kama alikwishampa, na kama hajui, anza tarehe 5 Agosti, endelea 19 Agosti na 2 Septemba. Programu nzuri inakuwezesha kuweka mpango unaobadilika. Isiyoweza, weka vikumbusho vitatu tofauti, kila kimoja na tarehe yake ya kuanza na ya kuisha.

Lakini dawa ya minyoo inakwenda kwa uzito. Vidonge vya mchanganyiko vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo mara nyingi huandikwa kidonge kimoja kwa kilo 10, ingawa ni lazima usome boksi la kile ulichonunua. Mtoto wa kilo mbili na nusu anahitaji robo ya kidonge. Hapa programu inaweza kukupotosha tena, kwa kuwa ya Kimarekani inapima kwa ratili, "lb", na kilo moja ni ratili mbili na ushee. Ukiandika 5 ukidhani ni kilo, yenyewe inaelewa kilo mbili na robo. Badilisha kipimo kiwe "kg" kabla ya kuandika chochote. Kupima si kazi ngumu: simama kwenye mizani umembeba mbwa, kisha simama peke yako, toa. Aliyekua na asiyependa kubebwa anaweza kupimwa kwa mizani ya kuning'iniza inayopimia mpunga, akiwa kwenye gunia lililokatwa matundu ya miguu. Ataonekana kichekesho kwa dakika moja, na utakuwa na namba ya kweli. Mtoto mpime kila wiki. Mkubwa kila mwezi inatosha.

Kama una mbwa na paka, kila mmoja awe na ukurasa wake, usiwachanganye chini ya jina "wanyama". Sababu ni dawa za kupe na viroboto. Dawa yenye permethrini, ambayo mbwa anaivumilia, inaweza kumuua paka. Nayo dawa ya kuogeshea ng'ombe isifike kwa paka kabisa. Kwenye ukurasa wa paka, juu kabisa pale programu inapouliza kuhusu mzio, andika jina la permethrini. Siku mtoto wako atakapotumwa dukani na simu mkononi, muuza duka ataliona.

Chakula sitakichukulia muda mrefu, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo programu hizi zinajua machache kuhusu sisi. Zinakuuliza chapa ya chakula cha boksi na idadi ya vikombe. Mbwa wa Mohoro anakula ugali na dagaa, au mabaki ya wali na mchuzi wa samaki, na hakuna kampuni iliyoyaandikia kalori. Acha sehemu ya kalori tupu. Tafuta bakuli moja ambalo halitabadilika, andika kwenye maelezo "bakuli la bluu, moja asubuhi, moja jioni, konzi ya dagaa jioni", basi. Namba itakayokuambia kama chakula kinatosha ni ule uzito wa kila mwezi. Ukishuka mara mbili mfululizo huku bakuli ni lilelile, huenda shida haiko kwenye chakula. Paka umwangalie kwa jicho jingine: hawezi kuishi kwa ugali. Mwili wake unahitaji taurini, inayopatikana kwenye nyama na samaki tu, na akiikosa kwa muda mrefu macho na moyo wake huharibika. Panya anaowakamata humsaidia, na dagaa pia.

Tukifika kwenye kumwona daktari, mwenye mnyama wa hapa anabeba sehemu ya kazi hiyo mwenyewe, maana daktari mara nyingi hayupo karibu. Yupo ofisa mifugo wa kata, wa halmashauri yuko Utete kwa Rufiji na Kibiti kwa wenzetu wa Kibiti, na kliniki za mbwa na paka zenye vifaa ziko Dar es Salaam. Kwenye sehemu ya "vet" andika namba ya ofisa mifugo wako, usihangaike na ramani ya kliniki. Kinachokosekana kwenye mazungumzo ya simu kati yenu ni mfululizo. Mbwa anakonda, macho yameanza kuwa na ukungu, fizi zimepauka: hayo yanaweza kuwa nagana inayoletwa na mbung'o, na ukanda huu unaopakana na mapori una mbung'o, au yanaweza kuwa ugonjwa wa kupe, au minyoo. Ofisa mifugo atakuuliza imeanza lini, kipi kilitangulia, amekula dawa gani. Picha ya jicho ya wiki iliyopita, ya jana na ya leo, pamoja na uzito wa miezi mitatu, zikitumwa kwa WhatsApp, zinamweka mahali pazuri zaidi kuliko "anaumwaumwa tu tangu juzijuzi". Piga picha jua la asubuhi, mnyama akiwa kivulini. Fizi zinazopigwa picha kwa mwanga wa taa ya simu hutoka nyeupe hata kwa mbwa mzima.

Akitibiwa, andika siku hiyohiyo: jina la dawa kama lilivyo kwenye chupa, kiasi, siku ngapi, na gharama. Gharama nasisitiza. Baada ya mwaka utajua mbwa wako anakula shilingi ngapi kwa dawa, na kama ni nafuu kuchangiana na majirani wanne kumleta daktari kwa siku moja.

Sasa ile siku ambayo kumbukumbu zote hizi zinatafutwa. Tuseme tarehe 14 Novemba 2025 Bosi amemng'ata mtoto wa jirani mguuni. Cha kwanza hakihusu simu: kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kamili, na mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Usiseme "mbwa wetu amechanjwa" ukamrudisha mtu nyumbani. Aamuaye ni mhudumu wa afya, na wewe kazi yako ni kumpa ushahidi. Sindano za kinga huanza siku ile, hufuata siku ya 3 na ya 7, yaani tarehe 17 na 21 Novemba, na nyingine huweza kuongezwa kulingana na utaratibu unaotumika pale. Mpe mhudumu simu: tarehe ya chanjo 28 Septemba, namba ya LOT, picha ya kadi, jina la aliyechanja.

Kisha usimuue mbwa. Mfunge mahali salama, umpe maji na chakula, na umwangalie kwa siku 10, mpaka tarehe 24 Novemba. Siku hizo 10 zina sababu yake: virusi huingia kwenye mate ya mbwa siku chache tu kabla ya dalili kuonekana, na mbwa mwenye dalili hufa haraka. Kwa hiyo aliyeng'ata akiwa na virusi mateni hafiki siku ya kumi akiwa mzima. Kwenye programu fungua kumbukumbu mpya kila asubuhi: amekula, amekunywa, anamjua mwenyewe, sauti yake ni ileile. Ukiona anashindwa kumeza, mate yanachuruzika, amegeuka mkali au mpole kupita kawaida, mpigie ofisa mifugo na kituo cha afya saa hiyohiyo, usisubiri jioni. Akifika tarehe 24 akiwa mzima, mpelekee mhudumu taarifa ile, kwa sababu inaweza kubadilisha uamuzi kuhusu sindano zilizobaki. Mbwa akiuawa siku ya kwanza, taarifa hiyo haipo tena, na mtoto analazimika kuendelea na dozi yote.

Mwisho ni usalama wa kumbukumbu zenyewe. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliingia kwenye nyumba za Mohoro, Rufiji na Kibiti, na karatasi iliyokuwa chini ya godoro haikutoka. Simu nayo inaanguka mtoni. Kila unapomaliza kuandika chanjo, toa lile faili la PDF, litume kwa WhatsApp kwa ndugu aliye mji mwingine, na umwambie asilifute. Kadi ya karatasi itunze bado, ndani ya mfuko wa nailoni, kwa sababu ndiyo yenye saini ya ofisa mifugo na ndiyo anayoiandika yeye. Ukiuza simu au kumwachia kijana, toa faili kwanza, ndipo ufute.

Na kama kwenye kadi ya mbwa wako sasa hivi nafasi ya namba ya chanjo iko tupu, mpigie ofisa mifugo wako wiki hii akutajie namba ya chupa zilizotumika siku ile, kabla daftari lake la kampeni halijahamishiwa halmashauri.